Zile alama za 0 hadi 10 huhesabiwa vipi?

Ukimaliza kutoa pesa, wakati mwingine meseji huingia: kutoka 0 hadi 10, unaweza kumpendekezea rafiki huduma hii? Majibu huingia kwenye hesabu iitwayo NPS, aliyoieleza Fred Reichheld mwaka 2003. Wanafunzi wa biashara hupewa kama zoezi, basi tulifanye pamoja.

Tuseme wateja 50 wa ajenti mmoja wamejibu. 24 wametoa 9 au 10: hao wanamsifu. 14 wametoa 7 au 8: wako katikati. 12 wametoa 0 hadi 6: hawajaridhika. Wanaomsifu ni asilimia 48, wasioridhika asilimia 24. Toa: 48 − 24 = 24. Usiandike "asilimia 24". NPS ni namba tu, kati ya −100 na 100.

Wengi huishia hapo, na kumbe bado kufafanua. Chukua ajenti wa pili: 12 wanamsifu, 38 wako katikati, hakuna asiyeridhika. Yeye pia ana 24! Lakini wa kwanza ana watu 12 wenye kero, pengine floti humwishia jioni. Kwa hivyo onyesha makundi yote matatu. Taja pia idadi ya waliojibu: kwa watu 50, mmoja akishuka kutoka 9 hadi 6, NPS inapungua kwa 4.

Nawe ukitujibu, ongeza sababu. Namba hutuambia hujaridhika, haituambii ni kwa nini.