Gari Lililotumika Kutoka Japani (2): Umri Wake Forodhani

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mnada. Leo tulitazame gari likifika Dar es Salaam, mahali ambapo wanunuzi wengi hushtushwa na kodi ya uchakavu.

Kodi hiyo hufuata umri. Gari dogo la kutembelea lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15. Likizidi miaka 10 hutozwa 30. Tuchukue gari la injini ya sisi 1500 ambalo TRA imelithamini, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 12.5. Juu ya kiasi hicho huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, kisha uchakavu, na mwisho VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Likiwa na miaka 10, kodi hizo ni shilingi 7,700,000. Likiwa na 11, ni 9,912,500. Tozo ndogondogo, ikiwemo ya reli, sijaziweka.

Kwa hiyo gari la mwaka 2015 linalopakiwa Yokohama mwezi Desemba 2025 ni la hatari. Safari huchukua wiki kadhaa, na Januari limeshaingia kundi la juu. Hatari ya pili imejificha kwenye karatasi. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza, ilhali TRA hutazama mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba 2014 laweza kusajiliwa Februari 2015, na muuzaji akalitangaza kuwa la 2015. Mwombe namba ya chasisi kabla hujalipa, uitumie kuthibitisha mwaka halisi, kisha uingize mwaka huo mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA.

Namba hiyo hiyo ndiyo itakayokusumbua kwenye usajili. Lazima ifanane, herufi kwa herufi, kwenye chuma cha gari, hati ya meli, cheti cha Japani na kadi utakayopewa na TRA. Herufi moja ikikosewa, dai isahihishwe kabla kadi haijachapwa. La sivyo, bima na mauzo vitakwama baadaye. Pleti za gari binafsi ni za njano, za biashara nyeupe, na kuchanganya matumizi ni kosa.

Usiliwashe kwenda nyumbani bila bima, angalau ile ya mtu wa tatu. Hakiki stika yake kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari: isipoonekana humo, huna bima hata kama ulilipa. Kisha kagua tairi. Gari lililoegeshwa muda mrefu huwa na tairi zenye kashata nzuri lakini mpira uliopasuka pembeni. Tarakimu nne ubavuni husema umri wake: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi kama hizo zibadilishe kabla ya safari ya Morogoro.