Kwa nini tunasema "teuliwa" lakini "ondolewa"

Wiki haipiti bila magazeti yetu kubeba habari ya mtu aliyeteuliwa na mwingine aliyeondolewa. Mwandishi wa habari hiyo hajiulizi kwa nini neno la kwanza linaishia na "liwa" na la pili na "lewa". Msomaji naye hajiulizi. Lakini jaribu kubadilisha, useme "ameteulewa" na "ameondoliwa", na hata mtoto anayeanza shule atajua kwamba kuna kitu kimeharibika.

Maneno haya yote mawili yamo katika kauli ya kutendwa, na kiambishi kilichotumika ni kimoja. Kinachotofautiana ni irabu yake, ambayo wakati mwingine ni "i" na wakati mwingine ni "e". Jambo hili tumelizoea katika mnyambuliko wote wa vitenzi. Piga hutoa pigia na pigisha, funga hutoa fungia na fungisha, kata hutoa katia na katisha. Lakini leta hutoa letea na letesha, na soma hutoa somea na somesha. Mzizi ukiwa na "e" au "o", kiambishi huja na "e". Ukiwa na "i", "u" au "a", huja na "i". Wanaisimu huiita hali hii tangamano la irabu: irabu za neno moja zinakubaliana katika sifa fulani. Kwetu sifa hiyo ni kimo cha ulimi. Katika "i" na "u" ulimi umepanda juu, katika "e" na "o" uko katikati, na katika "a" umelala chini kabisa.

Hadi hapa mwalimu wa sarufi anatosha. Ugumu unaanza tukiuliza amri hiyo inafikaje. Katika "letea", kati ya irabu ya mzizi na irabu ya kiambishi kuna "t" peke yake. Katika "tendea" kuna "nd". Katika "pendekezewa" irabu ya mzizi ni "e" ya mwanzo, halafu zinafuata "e" tatu za viambishi, kila moja nyuma ya konsonanti zake. Konsonanti hizo hazibadiliki hata kidogo na wala haziuzuii ujumbe kupita. Ni sauti gani hii inayoamuru nyingine iliyo mbali huku zilizo katikati hazihusiki?

Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu kikubwa cha fonolojia ya Kiingereza, na utaratibu wao ukawa ndio kawaida ya fani. Kwao neno lilikuwa mstari mmoja wa sauti, kila sauti ikiwa na furushi la sifa zake. Kwa utaratibu huo tangamano letu lingeandikwa hivi: "i" hugeuka "e" inapotanguliwa na "e" au "o", hata kama kuna konsonanti ngapi kati yake. Kanuni hiyo inatoa majibu sahihi, lakini kwa maoni yangu haielezi lolote. Kifungu cha "konsonanti ngapi" kimebandikwa tu. Kwa urahisi uleule ungeweza kuandika kanuni inayoruka irabu na kuzisikiliza konsonanti, na karatasi isingelalamika.

Njia nyingine ilifunguliwa na John Goldsmith katika tasnifu yake ya mwaka 1976 aliyoiandika MIT, Marekani. Yeye alikuwa akishughulika na toni za lugha za Kiafrika. Katika lugha nyingi za toni, irabu inaweza kudondoshwa na toni yake ikabaki, ikahamia kwa irabu ya jirani. Toni moja inaweza kukaa juu ya irabu tatu, na irabu moja inaweza kubeba toni mbili. Goldsmith alihitimisha kwamba toni hazimo ndani ya furushi la irabu. Zina safu yake zenyewe, na safu hiyo imeunganishwa na safu ya irabu kwa mistari. Nadharia hiyo wataalamu wetu wanaiita fonolojia ya vipandesauti huru. Mwenzake wa enzi ileile, George Clements, aliyepata pia kuchunguza toni za Kikuyu, aliichukua fikra hiyo akaipeleka kwenye tangamano la irabu, akianzia hasa na Kiakan cha Ghana.

Tuilete kwenye "pendekezewa". Chukulia kwamba sifa ya kuwa katikati ni alama inayokaa katika safu yake ya juu, na tuiite K. Mzizi "pend" unayo alama hiyo. Viambishi vitatu vinavyofuata havina alama yoyote. Kila kimoja kina irabu isiyokamilika, nitakayoiandika I, ambayo ikipata K hutamkwa "e" na ikikosa hutamkwa "i". Basi K inatandaza mistari yake kuelekea kulia:

```
   K__________
   |   |  |  |
 p e ndI kI zI wa
```

Tazama kilichotokea. Hakuna irabu iliyogeuzwa kuwa nyingine, na hakuna amri iliyotolewa mara tatu. K ni moja tu, na irabu nne zinaishiriki. Konsonanti hazikurukwa, kwa sababu hazikuwahi kuwemo katika safu ile. Kwa mtazamo wa K, jirani wa "e" ya mzizi ni I ya kwanza, na jirani wa hiyo ni I ya pili, kama abiria walioketi siti zinazofuatana. Umbali tulioushangaa ulikuwa umbali wa tahajia na wa matamshi. Katika safu ya K kila hatua ni ya mtu na jirani yake.

Maelezo haya yangekuwa mchoro mzuri tu kama yasingetabiri kitu ambacho kanuni ya mwalimu wa sarufi haikutabiri. Yanatabiri. Kama K husambaa jirani kwa jirani, basi irabu isiyoweza kuipokea itaikatia njia, na zilizo nyuma yake zitaikosa hata kama mzizi una "o" iliyo wazi kabisa.

Chukua kitenzi kosa. Mfanye mtu akose kitu na utakuwa umemkosesha, kwa "e", kama tulivyotarajia. Sasa watu wawili wamekosana, na wewe ndiye uliyesababisha: umewakosanisha. Hakuna anayesema "umewakosanesha". Mzizi ni uleule na kiambishi cha kusababisha ni kilekile. Kilichoongezeka ni "an" ya kutendana, yaani irabu "a" iliyoketi katikati. Irabu hiyo ina alama yake yenyewe ya kimo, ya chini, ambayo tutaiita C:

```
   K  C
   |  |
 k o sa nI sha
```

Ili K iifikie I, mstari wake ungelazimika kuukata mstari wa C, na katika nadharia hii mistari ya kuunganisha haikatani kamwe. C nayo haina tabia ya kusambaa, kama "katia" inavyoonyesha. I inabaki bila alama na kutamkwa "i". Ndivyo ilivyo kwa gombeza na gombanisha, na kwa tengeneza na tenganisha. Ukitaka kujiridhisha kwamba hujakariri maneno haya moja moja, buni kitenzi ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, tuseme "doga". Mwambie Mswahili yeyote akinyambue. Naamini atakupa dogea na dogesha, na ukimpeleka hadi dogana atakuambia doganisha.

Mazuio haya ndiyo yanayotupa jibu la "teuliwa". Neno linaanza na "e", kwa hiyo kwa kanuni ya mzizi pekee ungetarajia "lewa". Lakini kati ya "e" hiyo na kiambishi kuna "u", ambayo haikupokea K, na K haivuki jirani aliyeikosa. Ndiyo maana pia uteuzi "umetenguliwa" na wala "haukutengulewa". Katika "ondoa" irabu ya mwisho kabla ya kiambishi ni "o", yenye K, na "e" inapatikana bila taabu. Vitenzi vya mkopo vinavyohifadhi irabu yao ya mwisho hufuata mkondo huohuo: samehe hutoa sameheka, lakini rekodi, ijapokuwa ina "e" na "o", hutoa rekodika, kwa kuwa "i" ya mwisho imekwisha kusimama njiani.

K pia ina mipaka ya eneo. Haisambai kwenda kushoto. Katika "alipokelewa", kiambishi "li" cha wakati kimegusana na "po" kuliko kiambishi kingine chochote, lakini hakigeuki "le". Wala haifiki kwenye irabu ya kufungia neno: tunasema msomi na mlezi, si "msome" na "mleze". Eneo lake ni mzizi pamoja na viambishi vya unyambulishi, basi. Nadharia ya safu haitabiri mpaka huo. Inatupasa kuuongeza, na ni haki kulisema hilo.

Lugha nyingine zinaonekana kuipinga kabisa. Katika Kifini, irabu za mbele na za nyuma ya kinywa hazichanganyiki ndani ya neno, kwa hiyo "talo", nyumba, hupata "talolla", na "kylä", kijiji, hupata "kylällä". Lakini "kaveri", rafiki, hupata "kaverilla": "a" ya mwanzo imeiamuru "a" ya mwisho huku "e" na "i" zimekaa kati. Hapa zuio liko wapi? Wengi hujibu kwamba katika Kifini "e" na "i" hazina wenza wa nyuma wa kubadilishana nao, kwa hiyo hazihitaji alama katika safu ya mbele na nyuma, na hivyo hazimo katika foleni hiyo, kama zisivyokuwamo konsonanti zetu katika safu ya K. Jibu hilo linafanya kazi, lakini linadai tuamue kwa kila lugha ni irabu zipi ziandikishwe katika safu ipi.

Kwetu kitendawili kikubwa kimo katika "u" ile ya kutengua. Kiambishi cha kutendua hugeuka "o" baada ya "o": choma hutoa chomoa. Baada ya "e" hakigeuki: tega hutoa tegua, wala si "tegoa". Kiambishi cha "i" hupokea K kutoka kwa "e" na "o" bila ubaguzi, lakini cha "u" huipokea kutoka kwa "o" tu. Larry Hyman, katika makala ya 1999 kuhusu historia ya tangamano la irabu katika Kibantu, alionyesha kwamba kutolingana huku kumeenea sana katika jamii yetu ya lugha. Tunaweza kuandika sharti kwamba "u" hupokea K pale tu irabu inayoitoa nayo inatamkwa kwa midomo iliyoviringwa. Sharti hilo linaeleza "chomoa" na "tegua" barabara, ila halisemi kwa nini "i", isiyoviringwa, haikuwekewa sharti kama hilo mbele ya "o" ya "somea".