Tukubali Kwanza, Ndipo Tupendekeze

Mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Tuseme tumeombwa kuizungumzia chanjo hiyo mbele ya kina mama wa Miritini wenye shaka nayo. Tukianza kwa kuisifu, kila mama ataisikiliza hoja iliyo moyoni mwake, si maneno yetu.

Basi tutangulize hoja zao zilizo za kweli. Naam, sindano huuma na mkono huweza kuvimba. Naam, baadhi ya wasichana huzirai. Naam, haizuii aina zote za virusi hivyo. Hapo tutue, "lakini" ikifuata papo hapo, kukubali kwetu kutaonekana hila.

Kisha pendekezo lizaliwe na hoja hizo hizo: binti achanjwe ameketi, apumzike dakika 15 akiangaliwa, na akiwa mtu mzima asiache kupimwa. Uvumi wa utasa tusiukubali, kwani si kweli. Tuujibu mwisho, wakishatuamini. Mama akiuliza, "Huchanjwa wapi?", tujue shaka imelegea.