Bomba la maji moto linaporefuka

Bomba la shaba lenye urefu wa mita 60, katika jengo la ghorofa 20, hurefuka takriban milimita 41 maji yakipanda kutoka nyuzijoto 20 hadi 60. Likibanwa kila sakafu, nguvu hiyo huishia kwenye maungio.

Fundi mjuzi hulikaza bomba imara chini na juu, kisha katikati huweka kitanzi: bomba hutoka pembeni, hushuka kidogo na kurudi kwenye mstari wake. Kila nusu husogea milimita 20 hivi kuelekea kitanzi, nacho hupinda bila kuvunjika. Kwingineko hutumia vishikio vinavyoliacha liteleze juu na chini, lisiyumbe pembeni. Matawi ya vyumba vilivyo karibu na kitanzi ndiyo husogea zaidi, hivyo yaachiwe mkono mrefu wenye kona kabla ya kuingia ukutani.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kujaza zege kwenye tundu la sakafu. Mlio wa kugonga maji moto yanapofunguliwa, au uvujaji unaorudi penye tawi lilelile, ndiyo dalili yake. Usikubali kubadilishiwa kiungio tu. Mtake fundi akague vishikio kwanza.