Seva Iliyofichwa Hutokaje Nje?

Hifadhidata ya wateja imewekwa kwenye seva yenye anwani 10.0.2.15. Anwani hiyo ni ya ndani, haisafiri kwenye intaneti, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuibishia hodi. Lakini seva hiyo hiyo inahitaji kupakua masasisho ya usalama.

Hapo ndipo lango la NAT linapofanya kazi. Ombi likitoka, lango hufuta anwani ya ndani, huweka yake ya umma, tuseme 203.0.113.20, kisha huandika kumbukumbu ya nani aliyeomba. Jibu likirudi, lango hutazama kumbukumbu na kulifikisha. Mgeni asiyeitwa hana kumbukumbu, basi hutupwa. Kwenye AWS, muunganisho ukikaa kimya sekunde 350, kumbukumbu hufutwa. Kazi ndefu zisizotuma chochote hukatika hivyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuliweka lango lenyewe kwenye mtandao wa ndani, ambako nalo halina njia ya kutokea. Dalili yake ni `apt update` kuganda hadi muda uishe, bila kukataliwa. Lihamishie kwenye mtandao wa umma.

Msimamizi anayetaka kuingia hapitii NAT, kwani hiyo ni ya kutokea tu. Hupitia seva ya ngome, iliyo wazi kwa SSH pekee, na kwa anwani ya ofisi pekee:

```
ssh -J admin@203.0.113.10 admin@10.0.2.15
```

Ufunguo wa siri hubaki kwenye kompyuta yake. Usiunakili kwenye ngome kamwe: ikivamiwa, mvamizi ataukuta hapo.