Mapato ya Jana Yamepungua, Mauzo Hayajapungua

Tuchukue duka la vifaa vya umeme Tanzania Bara. Ripoti ya asubuhi ilizoea kuonyesha fedha zote zilizopokelewa, kodi ya ongezeko la thamani ikiwemo. Kuanzia Jumatatu itaonyesha mapato bila VAT. Waraka kwa wafanyakazi usiishie kutangaza hilo. Ufanye hesabu mbele yao.

Jumanne iliyopita ripoti ilisema 5,900,000. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, kiasi hicho hugawanywa kwa 1.18, na mapato yanakuwa 5,000,000. Zile 900,000 ni kodi ambayo duka linakusanya kwa niaba ya serikali, haikuwa mali yake hata siku moja. Wengi hukosea kwa kukata asilimia 18 ya jumla, wakapata kodi ya 1,062,000, ilhali kodi huhesabiwa juu ya bei kabla haijaongezwa.

Waraka pia useme kama siku za nyuma zimehesabiwa upya. Zisipohesabiwa, mchoro utaporomoka Jumatatu na meneja atadhani wateja wamekimbia. Zikihesabiwa, nakala zilizochapishwa zamani hazitalingana na skrini, ingawa zote ni sahihi kwa maana yake.

Dalili ya kuangalia ni idadi ya risiti: ikibaki ileile huku mapato yakishuka kwa takribani asilimia 15, kilichobadilika ni maana ya neno. Duka lenye bidhaa zisizotozwa VAT litashuka chini ya kiwango hicho, kwa hiyo ligawanye bidhaa kwa bidhaa, si jumla.