Senti Moja Inapopotea Kwenye Risiti

Ukiiambia lugha ya Python ijumlishe senti kumi na senti ishirini zilizoandikwa kama sehemu za shilingi, inajibu hivi:

```python
>>> 0.10 + 0.20
0.30000000000000004
```

Kompyuta haijaharibika. Huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa mtindo huo, kama vile theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Inachobaki nacho ni namba iliyo karibu mno na ile uliyoitaka. Miamala ikiwa mingi, tofauti hizo hujilimbikiza, na hesabu za jioni zikakataa kulingana.

Dawa ya kwanza ni kuachana na nukta. Bei ya shilingi 33.45 inahifadhiwa kama senti 3345, namba nzima ambayo kompyuta huijumlisha bila kosa lolote. Ila mtu asizoee kuzidisha kwa mia kila mara: riyali ya Oman ina baisa 1000, na shilingi ya Uganda, kwa kanuni za kimataifa za sarafu, haina sehemu ndogo kabisa. Anayezidisha shilingi 5,000 za Uganda kwa mia anaweza kumtoza mteja 500,000.

Mambo hugeuka kodi inapoingia. Tuseme mteja wa Kenya ananunua bidhaa tatu, kila moja shilingi 33.45 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kodi ya bidhaa moja ni senti 535.2. Namba nzima haina pa kuiweka ile 0.2, kwa hiyo programu inaandika 535, na kwa bidhaa tatu inapata 1605. Lakini kodi ya jumla yote, senti 10035, ni 1605.6, yaani 1606 ikikadiriwa. Senti moja imepotelea kwenye risiti ileile.

Hapo ndipo desimali kamili inapofaa, kwa kuwa huhesabu kwa makumi kama sisi na kubeba vipande vya senti hadi mwisho:

```python
>>> from decimal import Decimal
>>> Decimal("33.45") * 3 * Decimal("0.16")
Decimal('16.0560')
```

Hata hivyo, desimali haikuamulii ukadirie kila mstari au jumla tu. Hilo huamuliwa na sheria ya kodi au mkataba, na ni lazima liandikwe waziwazi kwenye programu. Kwa kujumlisha na kuhifadhi, senti nzima zinatosha na ni nyepesi. Kwa asilimia, riba na kugawanya, desimali ni salama zaidi.

Zile alama za kunukuu nazo zisisahaulike. `Decimal(0.1)` bila alama hizo hupokea namba ambayo tayari imeharibika, kisha huitunza kwa uaminifu: 0.1000000000000000055, na tarakimu nyingine nyingi nyuma yake.